Kumwanzisha kuzungumza mtu mzima anayeelewa Kiingereza lakini hasemi

Mwongozo huu nimewaandikia wenzangu wanaofundisha Kiingereza katika madarasa ya jioni, na unamhusu mwanafunzi wa aina moja ambaye kila mwalimu wa Dar es Salaam amekutana naye. Amemaliza kidato cha nne au zaidi, anasoma barua pepe za Kiingereza na kuzijibu, lakini akiulizwa swali kwa sauti hutabasamu, huangalia chini, au hujibu kwa Kiswahili. Mfano nitakaoufuata ni wa mama mmoja, karani wa ofisi ya uwakala wa forodha, ambaye huwaandikia mawakala wa meli kila siku, lakini simu ya Kiingereza ikilia humpa mwenzake aipokee.

Hatua ya 1: Hakikisha kwamba tatizo ni hofu

Mwombe ajirekodi kwa simu akiwa peke yake nyumbani, kwa dakika mbili, akieleza kazi alizofanya jana, bila kuandika kwanza. Kisha muulize swali hilo hilo darasani. Iwapo rekodi nayo inakwama kila baada ya maneno matatu, anachokosa ni lugha yenyewe, naye anahitaji msamiati na mazoezi ya sentensi kabla ya mengine yote. Mama huyu alileta rekodi yenye sentensi ndefu zinazoeleweka, ingawa wakati uliopita aliuchanganya mara kwa mara. Darasani, kwa swali lile lile, alijibu neno moja. Tofauti kubwa namna hiyo ni dalili ya hofu.

Muulize pia kama huwa anasema katika mikutano ya Kiswahili. Anayenyamaza hata kwa Kiswahili ana haya ya jumla, na hatua zinazofuata zitamsaidia kidogo tu. Wapo walimu wanaotumia dodoso la Elaine Horwitz na wenzake la mwaka 1986, lenye kauli 33 kuhusu wasiwasi wa darasa la lugha. Kwa maoni yangu, kauli tano au sita zinatosha, mradi ziulizwe kwa Kiswahili, kwa sababu mtu hawezi kueleza vizuri hofu yake kwa lugha ile ile anayoiogopa.

Hatua ya 2: Tafuta ni nani hasa anayeogopwa

Wengi wa wanafunzi hawa walisoma masomo yote ya shule ya msingi kwa Kiswahili, wakaingia kidato cha kwanza na kukuta kila kitu kinafundishwa kwa Kiingereza. Aliyechapia alichekwa, aliyenyamaza alisalimika, na kunyamaza kukawa mazoea. Mazoea hayo hujilisha yenyewe: kila anapompa mwenzake simu hupata nafuu ya papo hapo, na nafuu hiyo ndiyo inayomfundisha kuitoa simu tena kesho.

Walimu wengi hudhani kwamba anayeogopwa ni mgeni. Nilipomuuliza mama huyu, alijibu: «Mwalimu, mzungu akinisikia nachapia hana habari na mimi. Wenzangu wa ofisini ndio watakaolisema mpaka mwezi uishe.» Jibu kama hili hubadilisha mpango mzima, kwa kuwa kumsimamisha mbele ya darasa la Watanzania wenzake ni kumwanzishia pale panapomtisha zaidi. Chora naye ngazi ya wasikilizaji, kuanzia anayemtia hofu ndogo kabisa. Yake ilianza na kujirekodi kwa simu bila msikilizaji, ikaja sauti ya kunitumia mimi, kisha mwanafunzi mmoja wa kiwango chake, kisha kikundi cha watu wanne, na juu kabisa simu ya kazini huku wenzake wakisikia.

Hatua ya 3: Chagueni mazungumzo mamoja

Ukimuuliza mwanafunzi kwa nini anataka Kiingereza, atakwambia ni lugha ya dunia. Jibu hilo halimsukumi mtu kufungua kinywa siku ya Jumanne. Zoltán Dörnyei, aliyeandika sana kuhusu motisha ya kujifunza lugha, alitofautisha taswira ya mtu ambaye mwanafunzi mwenyewe anatamani kuwa na ile ya mtu anayetakiwa awe ili asiwaudhi wengine. Hofu ya bosi ni ya taswira ya pili. Humleta mtu darasani, lakini humfanya aogope zaidi kukosea.

Kwa hiyo muulize ni mazungumzo gani angependa kuyamudu mwenyewe. Mama huyu alichagua kumpigia wakala wa meli kuuliza kama hati ya kuruhusu kontena litoke imeshatolewa. Tuliyagawa: kujitambulisha, kutaja namba ya kontena, kuuliza, kurudia alichosikia, kuaga. Tukaongeza sentensi tatu za kujiokoa, yaani ya kuomba arudiwe, ya kuomba atajiwe herufi moja moja, na ya kuomba asubiriwe kidogo. Hizi zikaririwe hadi zitoke zenyewe, kwa sababu hofu ya simu mara nyingi ni hofu ya kutosikia jibu.

Hatua ya 4: Dakika nne, tatu, mbili

Zoezi hili lilielezwa na Keith Maurice mwaka 1983, na baadaye Paul Nation wa New Zealand akalieneza. Mwanafunzi anaeleza jambo moja kwa msikilizaji mmoja kwa dakika nne, kisha anamweleza msikilizaji wa pili jambo lile lile kwa dakika tatu, na wa tatu kwa dakika mbili. Mada iwe anayoijua kabisa. Kwa karani wetu ilikuwa safari ya mzigo kutoka melini hadi ghala la mteja. Kwa kuwa maudhui hayabadiliki, akili yake haitafuti tena la kusema, na kufikia mzunguko wa tatu utasikia vituo vinapungua na sentensi zinaungana.

Zoezi huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni mwanafunzi kuandika na kusoma, hivyo karatasi ziwekwe mbali. Ya pili ni kumrudishia msikilizaji yule yule, ambaye ameshasikia yote na uso wake unaonyesha hivyo. Ujue pia kwamba zoezi linajenga wepesi, halisahihishi: kosa la mzunguko wa kwanza mara nyingi litakuwepo hata wa tatu.

Hatua ya 5: Nyamaza, kisha sahihisha machache

Anapozungumza, usimkatize. Andika pembeni, na mwishoni mpe makosa mawili tu, yale yanayopoteza maana. Kwa mama huyu kosa la wakati uliopita nililiacha kwa muda, lakini matamshi ya kumi na tano na hamsini tuliyafanyia kazi mapema, kwa sababu kwa Kiingereza yanakaribiana sana, na ukikosea idadi ya makontena unakosea gharama.

Ukiuliza swali, subiri. Mary Budd Rowe, aliyechunguza masomo ya sayansi nchini Marekani, aliona kwamba walimu husubiri takriban sekunde 1 kabla ya kuingilia, na kwamba wakisubiri sekunde 3 au zaidi majibu huwa marefu. Mwenye hofu anahitaji hizo tatu na zaidi.

Hatua ya 6: Panda ngazi, na ujue lini ushuke

Mpandishe anapoanza kuongeza sentensi ambazo hukumwomba. Usingoje aseme kwamba haogopi, maana huenda asiseme kamwe. Mama huyu simu yake ya kwanza aliipiga wenzake walipokwenda kula. Wakala alijibu haraka, naye mama akatumia sentensi ya kuomba arudiwe, akasoma namba ya kontena upya, akapata jibu. Wakati uliopita aliukosea, na wakala hakuonyesha dalili ya kujali.

Ngazi ya juu kabisa ilichukua muda mrefu kuliko nyingine zote. Siku mteja alipofoka kwenye simu, mama huyu alirudia kumpa mwenzake simu kwa wiki nzima. Hali ikiwa hivyo, mshushe ngazi moja tu, afanye simu ile ile na mwanafunzi mwenzake anayeigiza mteja mkali, kisha apige simu halisi ndani ya siku chache, kabla nafuu ya kuikwepa haijazoeleka tena.