Kabla hujaweka wimbo kwenye video ya duka lako

Anza na akaunti. Kama duka lina akaunti ya biashara TikTok, tumia nyimbo zilizomo kwenye Commercial Music Library tu, yaani maktaba ya TikTok ya nyimbo zilizoruhusiwa kwa biashara, na usiipakue video hiyo ukaipeleka Instagram ukidhani ruhusa imehama nayo. Ile habari ya kwamba sekunde 15 za wimbo hazina mwenyewe ni uzushi, isahau.

Picha piga mwenyewe kwa simu, karibu na mlango kwenye mwanga. Ukichukua ya mtu yenye Creative Commons, leseni ya kutumia kazi yake kwa masharti, tazama herufi NC: hiyo haitumiki kibiashara, na tangazo la duka ni biashara.

Sasa twende kwenye linaloumiza watu. Rafiki yangu mwenye duka la viatu Kariakoo hakuiba wimbo. Alimwomba msanii chipukizi wa mtaani kwao, akamlipa, na msanii akamjibu kwa WhatsApp: "Tumia tu kaka." Video ikapanda YouTube na Facebook, tangazo likalipiwa kwa ajili ya Idi. Muda si mrefu Facebook wakazima sauti, na YouTube pakatokea dai la umiliki wa wimbo kutoka kampuni asiyowahi kuisikia.

Akadhani katapeliwa, kumbe msanii alikuwa mkweli. Alishaupeleka wimbo kwa kampuni ya usambazaji, nayo ikausajili kwenye Content ID, mtambo wa YouTube wa kusaka nyimbo zenye wenyewe. Mtambo ule unatambua sauti. Ujumbe wa WhatsApp hauujui. Akiwa bado anahangaika, prodyuza akapiga simu: biti ni yake, na alimpa kijana aimbie, si atangazie viatu. Video ikashushwa, Idi ikapita.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela, uliza nani katunga, nani mwenye biti na rekodi, na wimbo unasambazwa na nani. Wote wenye haki wasaini karatasi moja yenye jina la wimbo, mitandao utakayoutumia, muda, malipo, na sentensi inayotaja wazi matangazo ya kulipia. Kisha msanii amwandikie msambazaji chaneli yako iondolewe kwenye madai, na usubiri jibu ndipo upandishe video.

Unapopandisha YouTube, iache kwanza kwenye Private na usome sehemu ya Checks. Dai likionekana hapo, malizana nalo kabla wateja hawajaiona. Ila Checks ikiwa safi leo, dai linaweza kuja kesho, kwa hiyo karatasi itunze. Na usibishe dai kama huna karatasi: mwenye wimbo anaweza kuomba video iondolewe, chaneli ikapata onyo la hakimiliki, na maonyo matatu ndani ya siku 90 yanaweza kuifungisha.

Siku ya kurekodi, zima televisheni ya dukani na umwombe jirani apunguze spika. Wimbo wake ukisikika nyuma ya maelezo yako, mtambo utaudaka vilevile. Kibandiko cha katuni ukutani nacho kina mwenyewe. Kitoe kwenye fremu.