Usiitafute benki yako, iandike: namna ya kufika kwenye tovuti halisi

Mteja mmoja alinipigia simu akasema nywila yake "imekataa mara moja, kisha ikakubali". Nikisikia hivyo, naacha nilichokuwa nafanya. Alikuwa ameandika jina la benki kwenye kivinjari, akabonyeza jibu la kwanza na kujaza nywila, akaambiwa amekosea. Alipojaribu tena akaingia bila shida.

Hakuwa amekosea. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa matapeli. Ulichukua nywila, ukatoa kosa la uongo, kisha ukamsukuma hadi tovuti halisi, ambako jaribio la pili lilipita kama kawaida.

Jibu lile la kwanza lilikuwa tangazo. Kando yake palikuwa na neno dogo `Sponsored`, yaani kuna mtu amelipia likae juu. Tapeli naye hulipia. Mkaguzi wa matangazo huonyeshwa ukurasa usio na kasoro, ila anayetafuta benki hupelekwa kwenye nakala. Na usipoteze muda kusaka makosa ya tahajia humo: nembo, rangi na maandishi vimenakiliwa kutoka tovuti yenyewe.

Hatua ya 1: Pata anwani mahali ambapo tapeli hafiki. Itazame nyuma ya kadi yako, au kwenye karatasi ulizopewa tawini. Usipoiona, piga namba iliyochapishwa kwenye kadi uulize. Anwani iliyokuja kwa ujumbe wa simu au barua pepe iache.

Hatua ya 2: Iandike yote, pamoja na nukta zake. Hapa wengi huteleza. Upau wa juu wa kivinjari hufanya kazi mbili: ukiandika anwani kamili unakupeleka huko, ukiandika jina tupu la benki unageuka kuwa utafutaji, na umerudi kwenye matangazo yale yale.

Hatua ya 3: Soma kikoa, yaani jina la tovuti lililo ndani ya anwani, kabla ya kugusa nywila. Tuseme benki yako inatumia `example.com`. Linganisha hizi mbili:

```
https://ingia.example.com/akaunti
https://example.com.ingia.test/akaunti
```

Anza baada ya `https://`, simama kwenye mkwaju wa kwanza, kisha soma kutoka kulia kwenda kushoto. Ya kwanza inaishia na `example.com`, ndiyo benki. Ya pili inaishia na `ingia.test`. Jina la benki limewekwa mbele kama pambo tu, na mwenye `ingia.test` anaweza kuweka jina lolote hapo. Kwenye simu upau huficha sehemu ya anwani, kwa hiyo uguse uione yote.

Na kufuli ambalo baadhi ya vivinjari huonyesha kando ya anwani je? Linaonyesha tu kwamba mawasiliano yako na tovuti hiyo yamefichwa ili wengine njiani wasiyasome. Cheti cha tovuti kinachowezesha hilo hupatikana bure, hata kwa tapeli.

Hatua ya 4: Hifadhi, usirudie kuandika. Ukishahakikisha, weka alamisho, na nywila uihifadhi kwenye programu ya kutunza nywila ukiwa hapo hapo. Programu hiyo haidanganywi na nembo, inatazama kikoa. Siku ikikataa kujaza nywila, usiinakili ukaibandika kwa mkono. Pengine benki imebadilisha anwani ya kuingilia, hutokea, lakini hilo lithibitishe kwa simu kwanza.

Namba ya uhakiki inayotumwa kwenye simu haikuokoi peke yake. Unapojaza ukurasa bandia, tapeli anajaza ule halisi wakati huo huo. Benki inakutumia namba, unaiandika, naye anaitumia kabla haijaisha muda. Gurudumu linalozunguka na maneno "tafadhali subiri" ndiyo nafasi anayojipa. Ukiombwa namba ya pili, mara nyingi hiyo ni ya kuidhinisha muamala, kwa hiyo soma ujumbe wote kabla ya kuandika chochote.

Kama umeshajaza kwenye ukurasa bandia: piga benki mara moja, namba ya nyuma ya kadi, waambie wafunge huduma ya mtandaoni na wakague miamala na simu zilizounganishwa. Nywila ibadilishe ukiwa kwenye tovuti halisi, na pia popote pengine ulipotumia ile ile.

Kisha fungua historia ya kivinjari uifute anwani ya bandia. Yule mteja alikuwa ameshabadilisha nywila, akaunti imefunguliwa, akaniambia yamekwisha. Nikamwomba aanze kuandika anwani ya benki mbele yangu. Herufi tatu tu, kivinjari kikamkamilishia: ile ya matapeli.