Alama nyekundu kwenye nyonga ya mgonjwa wa kitandani: namna ya kuizuia isiwe kidonda

Mimi ni muuguzi ninayehudumia wagonjwa majumbani hapa Nairobi, na simu ninayopigiwa mara nyingi ni ya mtu aliyeona alama nyekundu ubavuni mwa mgonjwa wakati wa kumwogesha. Ngozi haijapasuka bado. Hiyo ndiyo nafasi ya kuwahi, kwa sababu hapo alama bado inaweza kufutika yenyewe. Ikishapasuka, utahesabu majuma ya kufunga bandeji.

Nitatumia mfano wa mama mmoja wa Umoja, aliyepata kiharusi kilichomlegeza upande wa kushoto. Bintiye alikuwa akimlaza kwa ubavu wa kulia, ule mzima, kwa kuogopa kumuumiza ule uliolegea. Alama ikatokea kwenye nyonga ya kulia, pale juu ya mfupa unaojitokeza ukipapasa upande wa nje wa paja. Familia nyingi hufanya hivyo kwa nia njema kabisa.

Hatua ya 1: Hakikisha ni alama ya aina gani

Mgeuze mgonjwa ili nyonga ile isilaliwe, kisha subiri nusu saa. Wekundu wa kawaida wa kulalia hufifia. Kama bado upo, bonyeza katikati kwa kidole kwa muda wa kuhesabu hadi tatu, uachilie haraka. Ngozi ikipauka kisha rangi ikarudi, damu bado inapita vizuri, endelea kuichunga. Isipopauka, mishipa midogo ya damu imeshaanza kuumia, na hiki ni kidonda cha kulalia katika hatua ya kwanza.

Kwa ngozi zetu nyeusi usitegemee rangi peke yake, maana kule kupauka mara nyingi hakuonekani. Alama inaweza kuwa ya zambarau, au nyeusi kuliko ngozi ya jirani, au ikang'aa tu. Weka mgongo wa mkono wako hapo, halafu kwenye nyonga ya pili, ulinganishe. Je, pana joto zaidi, au pamepoa? Pamekuwa pagumu, au panabonyea kama embe lililoiva kupita kiasi? Mgonjwa anakunja uso ukigusa? Tofauti hizo zina uzito sawa na wekundu.

Chora ukingo wa alama kwa kalamu, kisha piga picha kwa simu ukiwa umeweka sarafu ya shilingi 10 pembeni. Kila asubuhi piga nyingine kwenye mwanga uleule. Macho ya mtu anayeuguza husahau haraka, na picha itakuonyesha kama alama imevuka mstari.

Hatua ya 2: Ondoa uzito kwenye nyonga hiyo kabisa

Hakuna krimu inayoweza kushindana na uzito wa mwili. Nyama na ngozi zinabanwa kati ya mfupa na godoro, damu haifiki, na sehemu inakufa taratibu kuanzia ndani. Kwa hiyo hadi alama ifutike, mama yetu halali ubavu wa kulia. Anabaki na mikao miwili: chali, na kuegemea kushoto.

Neno ni kuegemea, si kulala ubavu moja kwa moja. Ukimlaza ubavu kamili, uzito wote unatua juu ya mfupa wa nyonga, na baada ya siku chache utakuwa na alama mbili. Tunataka mwinamo wa nyuzi 30 tu, yaani theluthi moja ya safari kutoka chali hadi ubavu kamili. Hapo uzito unabebwa na nyama ya tako.

Fanya hivi. Shusha kichwa cha kitanda kwanza, au toa mito ya kichwani ibaki mmoja. Tandika leso au shuka lililokunjwa mara mbili chini ya mgonjwa, kuanzia mabegani hadi mapajani, libaki hapo siku zote. Watu wawili washike leso kila upande, wamnyanyue kidogo na kumsogeza karibu na ukingo wa kulia wa kitanda, ili akigeuka awe katikati. Msimburute. Kuburuta kunavuta ngozi huku mfupa ukibaki nyuma, na mishipa ya ndani inachanika bila wewe kuona chochote juu.

Sasa kunja goti lake la kulia, shika bega na nyonga kwa pamoja, mzungushe kidogo kuelekea kushoto. Sukumiza blanketi lililoviringishwa nyuma ya mgongo wake, kuanzia begani hadi juu ya tako. Weka mto kati ya magoti. Weka mwingine chini ya vigimbi vya miguu, visigino vibaki hewani. Kisigino huharibika upesi kama nyonga. Kwa kuwa upande wa kushoto ndio uliolegea, vuta bega lake la kushoto mbele taratibu ili asililalie, na mkono wake uulaze juu ya mto. Usivute kwa kushika mkono, maana bega la mtu wa kiharusi hutoka mahali pake kirahisi.

Kisha kipimo ambacho sikubali familia ikiruke: pitisha kiganja chako chini ya nyonga ya kushoto na chini ya mfupa wa makalio. Mifupa hiyo isiwe imekandamiza godoro. Ukiukuta mfupa umekalia mkono wako kwa uzito wote, punguza mwinamo au panga blanketi upya.

Hatua ya 3: Ratiba inayoweza kufuatwa na watu waliochoka

Mchana, geuza kila baada ya saa mbili. Mama alianza hivi: saa 12 asubuhi kushoto, saa 2 chali, saa 4 kushoto, saa 6 chali, na kuendelea hivyo hadi saa 4 usiku. Usiku tuliweka saa 7 na saa 10, kwa sababu bintiye huenda kazini asubuhi na mlezi asiyelala huanza kuburuta. Godoro lake lilikuwa la sponji nene, na ngozi ilivumilia saa tatu. Ngozi ndiyo inayoamua: ukimgeuza ukute alama mpya ambayo haifutiki ndani ya nusu saa, punguza muda hata kama ratiba inasema vingine.

Bandika karatasi ukutani yenye saa, upande aliolala, hali ya ngozi na jina la aliyemgeuza. Dada wa kazi, kaka aliyekuja wikendi na shangazi kutoka ushago wote waandike hapo. Bila karatasi kila mtu hudhani mwenzake amegeuza.

Kuhusu godoro, sukuma mkono chini yake mahali nyonga inapolala, kiganja kikitazama juu. Ukihisi mfupa wa mgonjwa, sponji imekufa na ratiba peke yake haitatosha. Godoro la hewa la umeme husaidia sana, lakini stima ikipotea mengi hupungua hewa. Pima kwa mkono hivyohivyo, na usiache kugeuza. Usiweke mpira wa duara wenye tundu katikati, wala glavu zilizojazwa maji. Ukingo wa duara unakaza ngozi kuzunguka alama na kuzuia damu kuingia.

Hatua ya 4: Ngozi

Usikande alama, wala usiisugue na spiriti. Najua wengi tulifundishwa kukanda ili damu itembee, lakini chini ya wekundu huo mishipa tayari imeumia, na kukanda kunaimalizia.

Kila unapomgeuza, angalia pampasi. Mkojo hulainisha ngozi, na kinyesi huichoma. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali, suuza, kausha kwa kugusagusa na kitambaa laini. Kisha paka krimu ya zinki, ile ya watoto, au Vaselini, safu nyembamba tu kwenye ngozi inayoguswa na mkojo. Krimu nene huziba pampasi isinyonye. Hakikisha mkanda wa pampasi haupiti juu ya alama, na nyoosha mikunjo yote ya leso. Kama umetandika mpira wa plastiki, uwe chini ya shuka, usiguse ngozi.

Miezi ya Juni na Julai Nairobi ina baridi, na watu huwawekea wagonjwa chupa ya maji moto. Usiiweke upande uliokufa ganzi. Atachomeka na hatasema.

Hatua ya 5: Kula bila kuteleza

Wakati wa chakula mama anakaa wima, hasa kwa kuwa kiharusi huweza kuharibu kumeza. Inua magoti yake kwa mto kwanza, ndipo uinue kichwa. Ukifanya kinyume atateleza kuelekea chini na ngozi ya makalio itavutika. Abaki wima nusu saa baada ya kula, halafu mshushe hadi nyuzi 30 au chini yake.

Ngozi hujengwa kwa protini. Mtu wa kilo 50 mwenye alama kama hii huhitaji takriban gramu 62 hadi 75 kwa siku. Yai moja lina kama gramu 6, kikombe cha maziwa gramu 8, kikombe cha maharagwe yaliyoiva kama 15. Kama kumeza ni shida, ponda maharagwe na omena laini, na uji upikwe kwa maziwa. Mwenye ugonjwa wa figo asiongezewe protini kabla ya kuzungumza na daktari wake.

Hatua ya 6: Wakati wa kuacha kujitibu

Mwite muuguzi au nenda kituo cha afya kama alama haijapungua baada ya siku mbili za kuiondolea uzito kikamilifu, au kama imevuka mstari wa kalamu. Nenda siku hiyohiyo ukiona lengelenge, ngozi iliyochubuka, au rangi ya zambarau iliyoiva au nyeusi. Hiyo inaweza kuwa nyama iliyokufa ndani huku juu kukiwa kuzima. Usitoboe lengelenge. Funika kwa bandeji safi, na usiweke jivu, asali ya dukani wala unga wa vidonge vya antibiotiki vilivyosagwa. Harufu mbaya, usaha, homa, au mgonjwa kuanza kuchanganyikiwa ni dharura, hata kama ni usiku.

Kwa mama wa Umoja, wekundu ulianza kufifia siku ya tatu. Bintiye alitaka kumrudisha kulia mara moja. Tulingoja hadi ngozi ilipolingana na ya upande wa pili kwa rangi, joto na ulaini, ndipo tukaanza na saa moja tu kulia, kwa nyuzi 30, na kuangalia nusu saa baadaye. Ngozi ilipobaki safi kwa siku mbili, tukaongeza hadi saa mbili.