Kuchambua hati ya kukasimu madaraka: jinsi ya kutoa ukomo wa kuidhinisha na kuuweka kwenye jedwali la wahasibu

Mashirika mengi yenye ofisi Kigoma mjini huwa na ofisi ndogo Kasulu au Kibondo, na swali linalopigiwa simu mara kwa mara kutoka huko ni hili: "Kaka, hii nampelekea nani asaini?" Jibu limo ndani ya hati ya kukasimu madaraka. Tatizo ni kwamba hati hiyo huandikwa kwa vifungu vya maneno, na sentensi moja ya ukurasa wa mwisho inaweza kubadilisha kiasi kilichotajwa mwanzoni. Mhasibu mwenye foleni ya vocha mezani hawezi kuisoma yote kila mara, kwa hiyo tunamtengenezea jedwali.

Nitatumia hati ya mfano niliyoitunga, yenye vifungu vya aina utakayokutana nayo:

- 4.1 Mkuu wa Ofisi Ndogo ataidhinisha ununuzi usiozidi shilingi 5,000,000.
- 4.2 Meneja wa Mkoa ataidhinisha ununuzi wa zaidi ya shilingi 5,000,000 na chini ya shilingi 30,000,000.
- 4.3 Mkurugenzi Mkaazi ataidhinisha ununuzi wa zaidi ya shilingi 30,000,000 hadi shilingi 150,000,000.
- 4.4 Ununuzi unaozidi hapo utaidhinishwa na Bodi.
- 4.5 Thamani ya ununuzi ni jumla ya gharama zote, pamoja na kodi na usafirishaji.
- 4.6 Mikataba ya washauri wa kitaalamu itaidhinishwa na Mkurugenzi Mkaazi hata kama kiasi ni kidogo.
- 6.2 Kwa matumizi yasiyokuwemo kwenye bajeti, ukomo wa kila ngazi utakuwa nusu.

Hatua ya 1: Soma yote kabla ya kufungua Excel

Pita na kalamu ukizungushia duara kila tarakimu, kila cheo, na kila neno linalowekea mpaka au sharti: hadi, usiozidi, chini ya, isipokuwa, endapo, kwa pamoja. Usiache viambatisho na barua za marekebisho, kwa sababu huko ndiko kifungu kama 6.2 hupenda kujificha. Kama nakala yako imeskaniwa, linganisha kila kiasi cha tarakimu na kile cha maneno. Skana hafifu huifanya 3 ionekane kama 8, na hapo neno "milioni tatu" ndilo litakalokuokoa. Vikipishana kwenye hati yenyewe, usichague mwenyewe, muulize aliyeitoa.

Hatua ya 2: Panga safu

Safu A iwe aina ya muamala, B iwe kama umo kwenye bajeti, C cheo, D "zaidi ya", E "hadi", F namba ya kifungu, na G maneno ya hati yenyewe, yamenakiliwa bila kuguswa. Wengi huiruka G kwa kuona inajaza nafasi. Lakini mkaguzi akiuliza kiasi fulani kimetoka wapi, safu hiyo ndiyo itakayomjibu.

Andika cheo, si jina la mtu. Na usichanganye ruhusa ya kununua na ruhusa ya kutoa malipo. Meneja anaweza kuruhusiwa kuidhinisha oda ya kiasi fulani, huku saini yake ya malipo benki ikiwa na ukomo mwingine kabisa. Hizo ni aina mbili za muamala, kila moja na mistari yake.

Hatua ya 3: Jaza, ukichunga mipaka

Kanuni ninayotumia ni moja: kiasi cha safu D hakimo, cha safu E kimo. "Usiozidi 5,000,000" inaingia E kama ilivyo. "Chini ya 30,000,000" haiwezi kuingia hivyo, maana milioni 30 kamili haimo, andika 29,999,999.99. Ngazi isiyo na kikomo cha juu ipe namba kubwa sana.

| A | B | C | D | E | F |
|---|---|---|---|---|---|
| Ununuzi | Ndiyo | Mkuu wa Ofisi Ndogo | 0 | 5,000,000 | 4.1 |
| Ununuzi | Ndiyo | Meneja wa Mkoa | 5,000,000 | 29,999,999.99 | 4.2 |
| Ununuzi | Ndiyo | Mkurugenzi Mkaazi | 30,000,000 | 150,000,000 | 4.3 |
| Ununuzi | Ndiyo | Bodi | 150,000,000 | 999,999,999,999 | 4.4 |

Kifungu 4.6 usikitupe kwenye safu ya maelezo, hakuna atakayekisoma. Kipe aina yake, "Ushauri", ili keshia akitafuta mkataba wa mshauri wa shilingi 900,000 asiangukie kwa Mkuu wa Ofisi Ndogo.

Kifungu 6.2 ndicho chenye kazi. Kinasema ukomo uwe nusu, hakisemi ngazi inayofuata ianzie wapi. Ukishusha safu E peke yake, Mkuu wa Ofisi Ndogo ataishia 2,500,000 na Meneja ataendelea kuanzia 5,000,000, na katikati hapatakuwa na mtu. Ongeza mistari minne yenye "Hapana" kwenye safu B, na ushushe D pia: Meneja aanzie 2,500,000 hadi 14,999,999.99, Mkurugenzi aanzie 15,000,000 hadi 75,000,000, Bodi ichukue kinachozidi. Kwa kuwa mianzo hiyo umeikokotoa wewe, ipake rangi tofauti na kwenye F uandike vifungu vyote viwili, kwa Meneja "4.2 na 6.2", ili msomaji ajue kipi kimesemwa na hati na kipi ni tafsiri yako.

Hatua ya 4: Pima jedwali kwa kiasi kilichoko mpakani

Pembeni, weka J kwa aina, K kwa bajeti na L kwa kiasi, kisha:

```
=COUNTIFS($A$2:$A$60,J2,$B$2:$B$60,K2,$D$2:$D$60,"<"&L2,$E$2:$E$60,">="&L2)
```

Ikirudisha 1, kiasi hicho kina mwenyewe mmoja. Ikirudisha 2, vyeo viwili vinagongana. Ikirudisha 0, hakuna mwenye mamlaka, au kuna tarakimu iliyoingia kama maandishi (kwa kawaida hujisogeza kushoto mwa kisanduku). Jaribu kila kiasi cha mpakani na shilingi moja juu na chini yake. Kiasi kama milioni 12 kitapita vizuri hata jedwali likiwa bovu.

Chukua mabati ya shule huko Kasulu, yaliyomo kwenye bajeti: bei 24,600,000, kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18 ni 4,428,000, usafiri 972,000. Anayetazama bei tu ataona ni ya Meneja. Kwa kifungu 4.5 jumla ni 30,000,000 kamili, na fomula inatoa 0: Meneja ana chini ya hapo, Mkurugenzi ana zaidi ya hapo. Kwa matumizi yasiyo ya bajeti, tundu hilohilo linahamia 15,000,000.

Usilizibe. Kishawishi cha kugeuza 29,999,999.99 kuwa 30,000,000 ni kikubwa, lakini ukifanya hivyo utakuwa umempa Meneja mamlaka ambayo hati haikumpa. Weka mstari mwekundu wenye maneno "haijatajwa", andikia makao makuu ukinukuu 4.2 na 4.3, na mpaka ufafanuzi wa maandishi urudi, mpeleke mwombaji kwa ngazi ya juu. Ukirudi, tarehe ya barua hiyo ndiyo itakayoingia safu F.

Hatua ya 5: Toa kwa wahasibu

Juu ya jedwali andika toleo na tarehe ya hati, pamoja na kifungu 4.5 kizima, kwa kuwa bila hicho kila mtu atapiga hesabu yake. Funga visanduku kwa nenosiri, tuma Kasulu na Kibondo, na waambie wafute faili la zamani. Barua ya marekebisho ikija, anza tena hatua ya 4 kwa kila mpaka uliosogea na wa jirani yake.