Jinsi ya kukokotoa umri wa wanachama kabla ya kuomba cheti cha AGPO cha zabuni za serikali kama kikundi cha vijana

Mambo ya eCitizen, PIN na nakala za vitambulisho mnayajua, sitayarudia. Kinachorudisha faili nyingi nyumbani ni safu ya umri kwenye jedwali la wanachama, na sisi ilituchelewesha zabuni tuliyokuwa tukiisubiri kwa hamu.

Katiba ya Kenya, Kifungu cha 260, inasema kijana ni mtu aliyetimiza miaka 18 lakini hajatimiza 35. Kwa hivyo kundi la vijana ni 18 hadi 34. Ukiandika makundi yako "18–35" na "35–50", mwenye 35 anaingia kote kuwili na hesabu haitaoana. Kanuni za ununuzi nazo zinataka angalau asilimia 70 ya wanachama wawe vijana, na viongozi wote wawe vijana.

Sisi tulikuwa kumi, vijana saba, yaani asilimia 70 kamili. Mweka hazina wetu alizaliwa 20 Machi 1990, na karatasi zilifika mezani 15 Machi 2025. Afisa alitoa 1990 kwenye 2025, akapata 35, akamwondoa kwenye vijana. Hapo tukabaki sita, na kiongozi mmoja akawa hafai. Lakini mtu hutimiza mwaka siku yake ya kuzaliwa ikifika, na ya mweka hazina ilikuwa bado siku tano. Umri wake sahihi ulikuwa 34.

Kugawanya siku kwa 365 hakusaidii. Kati ya tarehe hizo mbili kuna siku 12,779. Gawanya kwa 365 upate 35.01, kosa lile lile, kwa sababu miaka mirefu tisa imeongeza siku tisa. Wengine hutumia 365.25. Hiyo inamwokoa mweka hazina, ila inamwumiza aliyezaliwa 1 Machi 2005: siku anayotimiza 18, yaani 1 Machi 2023, amefikisha siku 6,574, na jibu linakuwa 17.999. Ukikata desimali, umemfanya mtoto siku aliyokuwa mtu mzima.

Tumia DATEDIF, fomula ya Excel inayohesabu miaka iliyotimia. Weka tarehe za kuzaliwa kwenye safu ya B, na tarehe ya kuwasilisha maombi kwenye F1. Usiweke TODAY() hapo, la sivyo umri utabadilika kila faili inapofunguliwa, na nakala uliyochapisha haitalingana na iliyo kwenye kompyuta. Kwenye C2 andika fomula ya kwanza, kwenye D2 ya pili, kisha uziburute hadi mstari wa mwisho:

```
=DATEDIF(B2,$F$1,"Y")
=IF(C2<18,"Mtoto",IF(C2<35,"Kijana","35+"))
```

Excel haitakupendekezea DATEDIF unapoanza kuiandika. Iandike yote mwenyewe, itafanya kazi, hata kwenye Google Sheets.

Kabla ya kuamini majibu, kagua tarehe zenyewe. Kitambulisho kinaanza na siku, kisha mwezi. Kompyuta iliyowekwa mtindo wa Marekani inasoma 05/11/1991 kama 11 Mei badala ya 5 Novemba, na haitoi onyo lolote. Ukiandika 25/11/1991 inashindwa, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25, ikaiacha kama maandishi. Utaijua kwa kuwa inakaa upande wa kushoto wa kisanduku wakati tarehe halisi hukaa kulia. Ukiona safu moja ina zilizokaa kushoto na zilizokaa kulia, hata zile za kulia usiziamini. Rekebisha mpangilio wa nchi, kisha ziandike zote upya ukiangalia vitambulisho.

Sasa hesabu vijana, mkiwa kumi kama sisi:

```
=COUNTIF(D2:D11,"Kijana")/COUNTA(D2:D11)
```

Ikitoka chini ya 0.7, hamjafika. Ikitoka 0.7 kamili kama yetu, ongeza safu ya E inayoonyesha siku kila mmoja anapotimiza 35, na uipe muundo wa tarehe:

```
=EDATE(B2,12*35)
```

Safu hii ndiyo iliyotuokoa. Tulirudi na jedwali pamoja na nakala ya kitambulisho, tukamwonyesha afisa tarehe 20 Machi 2025 mbele ya jina la mweka hazina, naye akakubali hesabu. Ila safu hiyo hiyo ilituonyesha kwamba siku tano baadaye tungekuwa vijana sita, asilimia 60, na mweka hazina asiyefaa kwenye uongozi. Tuliitisha mkutano jioni hiyo, tukamchagua mweka hazina wa miaka 26, na tukaingiza wanachama wapya wawili wenye umri wa ujana. Wa zamani alibaki mwanachama. Kwa hesabu hiyo, vijana wakawa wanane kati ya kumi na wawili hata baada ya 20 Machi, yaani asilimia 66.7 tu, ndipo tukatafuta wengine wawili: kumi kati ya kumi na wanne, asilimia 71.4.