Ukisafiri, tukio la kalenda husogea na kengele ya saa haisogei

Umeweka kwenye kalenda ya simu, ukiwa Dar es Salaam, "Kunywa dawa" saa 12:30 asubuhi. Ukifika Muskati, iliyo mbele kwa saa moja, ukumbusho huo utalia saa 1:30. Simu haijaharibika. Kalenda nyingi hulifunga tukio kwenye saa za mahali ulipoliandika, na dakika ileile ya Dar husomeka kwa saa za Muskati.

Kwa kikao na ofisi ya Dar hilo ndilo unalotaka: saa 3:00 yao iwe saa 4:00 kwako. Lakini kuamka na dawa ya asubuhi vinafuata jua la mahali ulipo, kwa hiyo vinahitaji muda usiofungwa popote. Ndani ya faili la `.ics`, ambalo kalenda hutumia kuhifadhi na kubadilishana matukio, tofauti inaonekana wazi:

```
DTSTART;TZID=Africa/Dar_es_Salaam:20260302T090000
DTSTART:20260302T063000
```

Mstari wa kwanza ni wa kikao. Wa pili ni wa dawa: hautaji ukanda wala kuishia na `Z`, alama ya saa za UTC, kwa hiyo unaelea, yaani haufungwi popote.

Kalenda ya Mac ina chaguo la `Floating` kwenye orodha ya kanda, ukishawasha matumizi ya kanda za saa katika mipangilio. Google Calendar haina chaguo hilo kwa tukio lenye saa, basi ukumbusho wa kuamka uweke kwenye kengele ya programu ya saa, ambayo hufuata saa inayoonyeshwa na simu. Dawa inayotakiwa kila baada ya saa 12 kamili ni jambo jingine: hiyo iache imefungwa, au muulize daktari kabla ya safari.