Ekstenda, meshi au pawalaini: pima kwanza, ndipo ununue

Nyumba kubwa ikikosa waifai vyumba vya nyuma, wengi hukimbilia kifaa chenye namba kubwa kwenye boksi. Namba hiyo haikusaidii kuchagua. La kujua ni mawimbi kiasi gani yanafika katikati ya njia, kati ya ruta na chumba chenye shida, na ni waya gani zimepita ukutani. Kazi ya kujua yote mawili haizidi saa moja.

Hatua ya 1: Hakikisha kosa ni la waifai

Chomeka laptopu kwenye ruta kwa kebo ya mtandao, upime kasi. Ikiwa umelipia megabiti 100 kwa sekunde na kebo inakupa 20, hakuna kifaa cha kusambaza mawimbi kitakachokuokoa. Mpigie anayekuuzia intaneti.

Kebo ikitoa kasi yake sawasawa, nenda na laptopu hiyo chumba cha nyuma ukiwa kwenye waifai, kisha uiulize ruta yenyewe, si intaneti. Kwenye Windows:

```
ping -n 50 192.168.1.1
```

Kama ruta yako ina anwani nyingine, andika `ipconfig` uisome penye `Default Gateway`. Majibu yakirudi kwa milisekunde chache bila kupotea, njia ya ndani ya nyumba ni nzima. Yakiruka kutoka 5 hadi 300, au mengine yasirudi kabisa, hapo ndipo tatizo lilipo.

Hatua ya 2: Pima mawimbi ukitembea

Weka kwenye simu ya Android programu yoyote ya kuchanganua waifai inayoonyesha nguvu ya mawimbi kwa dBm. Kwenye Mac, shikilia kitufe cha Option ukibofya alama ya waifai, usome namba hiyohiyo penye RSSI. Namba ni hasi: kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu, na kila ikishuka kwa 3, nguvu imepungua nusu. Hadi -67 hivi, simu za video zinakwenda bila shida. Kwenye -75 utaanza kugombana nazo. Ikifika -80 na kuendelea chini, simu itaonyesha imeunganishwa ilhali hakuna kinachofunguka.

Pima bendi ya gigahezi 5 na ya gigahezi 2.4 kila moja peke yake. Ya 5 ina kasi kubwa lakini zege huimaliza mapema, ya 2.4 hupenya zaidi, ila kasi yake ni ndogo na majirani wamejazana humo. Andika namba za sehemu tatu: kando ya ruta, katikati ya njia, na chumba chenye shida.

Hatua ya 3: Soma namba zako

Chukua nyumba ya ghorofa moja, kuta za tofali na sakafu ya juu ya zege. Ruta iko sebuleni upande wa mbele. Ofisi iko juu, upande wa nyuma. Intaneti ni megabiti 100. Kwenye gigahezi 5, sebuleni inasoma -45, juu ya ngazi -62, ofisini -84. Kasi ofisini ni megabiti 4.

Kosa la kawaida ni kuchomeka ekstenda ofisini. Ekstenda hairudishi kilichopotea njiani, inarudia inachosikia. Ikisikia -84, itakupa vijiti vyote vya mawimbi kwenye simu na megabiti zilezile 4. Mahali pake ni juu ya ngazi, pale penye -62.

Hata hapo, ekstenda ya bei ndogo hutumia redio moja kupokea na kutuma kwa zamu, hivyo kasi hupungua nusu au zaidi. Kwenye mfano wetu, tegemea 25 hadi 35 ofisini. Kwa mtu mmoja anayesoma barua pepe na kutazama video, zinatosha, na hakuna sababu ya kutumia pesa zaidi. Ekstenda huanza kuudhi pale watu wanapotembea na simu ndani ya nyumba: simu hung'ang'ania mawimbi dhaifu ya ruta hata ukiwa umesimama kando ya ekstenda, kwa sababu anayeamua kuhama ni simu yenyewe.

Meshi inapunguza kero hiyo. Vituo vyake huongea vyenyewe kwa vyenyewe na kuishauri simu ihamie wapi, na mtandao wote una jina moja. Ukinunua, tafuta ya bendi tatu, ambayo inaweza kuiacha redio moja ishughulikie mazungumzo ya vituo tu. Ya bendi mbili hugawana redio na wewe. Lakini kanuni ya mahali haibadiliki: kituo cha pili kinakaa juu ya ngazi, si ofisini. Nyumba hii inahitaji vituo viwili. Cha tatu kikiunganishwa kwa kupitia cha pili kinaongeza hatua nyingine ya kupoteza kasi, na vituo vingi vilivyosongamana huingiliana.

Hatua ya 4: Pawalaini inapofaa

Kama hata katikati ya njia inasoma -78, kwa sababu ya ukuta mnene au chumba kilichojitenga, kifaa cha mawimbi hakina cha kurudia. Hapo jaribu adapta za pawalaini, ambazo hupitisha data kwenye nyaya za umeme. Zinahitajika mbili: moja kando ya ruta, nyingine chumbani. Zioanishe kwanza zikiwa soketi za jirani: bonyeza kitufe cha ya kwanza, kisha cha ya pili kabla dakika 2 hazijaisha, ndipo uihamishe moja.

Chomeka moja kwa moja ukutani. Ekstensheni yenye kinga ya umeme huchuja masafa ya juu, na data ya pawalaini inasafiri humohumo. Adapta iliyoandikwa 1000 haitakupa 1000. Ukipata 60 hadi 150 imefanya kazi nzuri. Angalia pia tundu la kebo: baadhi ya adapta rahisi huishia megabiti 100 hata boksi liseme nini.

Nyumba ya fezi tatu ndiyo huchanganya watu. Soketi za chini zikiwa fezi moja na za juu fezi nyingine, kasi inaweza kuanguka sana au adapta zisionane kabisa. Tatizo jingine ni kasi inayoshuka saa fulani tu. Chomoa chaja na taa moja baada ya nyingine huku ukipima. Mara nyingi mhalifu ni chaja hafifu iliyoko soketi ya pembeni. Kwa hiyo nunua pawalaini mahali panaporuhusu kurudisha.

Na kama kuna bomba la kupitisha waya hadi ofisini, pitisha kebo ya Cat 5e uachane na mjadala huu. Inafika mita 100 bila kupoteza kasi, na kituo cha meshi kikiunganishwa nayo kinaweza sasa kukaa ofisini kwenyewe.

Hatua ya 5: Baada ya kufunga

Ukiweka meshi nyuma ya ruta iliyokuwepo, iweke kwenye hali ya `Access Point` au `Bridge`. Usipofanya hivyo, vifaa viwili vitakuwa vinagawa anwani, na printa iliyo kwenye ruta haitaonekana na laptopu iliyo kwenye meshi. Zima waifai ya ruta ya zamani pia, la sivyo simu zitaendelea kuirudia. Kisha piga simu ya video ukitembea kutoka sebuleni hadi ofisini. Ikikatika juu ya ngazi, sogeza kituo mita moja au mbili kuelekea ruta, upime tena.